Moshi wa Ng'ambo na Maziwa Yasiyo na Samaki

Miaka ya 1960, maziwa mengi ya kusini mwa Norwe na Swideni yalikuwa maangavu ajabu, lakini samaki walikuwa wametoweka. Mwaka 1967 mwanasayansi wa Swideni, Svante Odén, alieleza kwamba chanzo ni mvua iliyobeba moshi wa makaa ya mawe kutoka nchi nyingine za Ulaya, Uingereza ikiwamo.

Mvua safi nayo ina uchachu kidogo, pH 5.6 hivi. Ile ya kusini mwa Norwe ilifika karibu 4.3. Pengo linaonekana dogo, ila pH ikishuka kwa 1 uchachu huongezeka mara kumi, kwa hiyo mvua hiyo ilikuwa chachu mara ishirini hivi. Miamba ya huko ni graniti, haina chokaa ya kutosha kuizimua asidi. Maji yaliyopita udongoni yakachukua alumini, nayo ikaganda kwenye matamvua ya samaki hadi wakakosa pumzi.

Tuchukue tani moja ya makaa yenye salfa asilimia 2, yaani kilo 20. Yakiungua hutoa kilo 40 za dioksidi ya salfa. Gesi hiyo ikiingia kwenye matone ya mawingu, peroksidi ya hidrojeni iliyomo huigeuza kuwa asidi ya salfuriki. Kabla ya hapo gesi huweza kubaki angani siku kadhaa, muda unaotosha upepo kuivusha Bahari ya Kaskazini. Ndiyo maana dohani ndefu, kama ile ya kituo cha umeme cha Drax, Uingereza, yenye mita 259, ziliwaokoa majirani tu.

Dawa yenyewe ni mawe ya chokaa. Drax ilikamilisha mitambo yake ya kuosha moshi mwaka 1996. Moshi hupanda ndani ya mnara huku ukinyunyiziwa uji mwembamba wa mawe hayo yaliyosagwa, na takriban asilimia 90 ya gesi hunaswa. Kuzinasa kilo zetu 40 zote kungehitaji kilo 63 hivi za mawe. Hewa ikipulizwa kwenye uji huo, hupatikana takriban kilo 107 za jasi, ileile ya kutengenezea dari. Fundi huchunga pH ya uji: ikishuka mno, gesi hupenya; ikipanda mno, chokaa haiyeyuki na jasi huchafuka.

Oksidi za nitrojeni ni kesi nyingine. Makaa yakiungua, nyingi hutokana na nitrojeni iliyomo ndani ya makaa yenyewe, na nyingine huzaliwa pale joto kali la tanuri linapounganisha nitrojeni na oksijeni za hewa, kisha angani huwa asidi ya nitriki. Chokaa hainasi vizuri gesi hizi. Badala yake hupulizwa amonia, na moshi ukapitishwa kwenye kichocheo chenye vanadi, kwa nyuzi 300 hadi 400 za Selsiasi. Hutoka nitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji. Amonia ikizidi huungana na mabaki ya salfa, ikawa chumvi yenye kunata inayoziba mitambo ya mbele. Dalili mojawapo ni majivu yanayonaswa kutoka kwenye moshi kuanza kunuka amonia.