Ada Imelipwa, Bima Imefutwa

Shangazi yangu ana duka la vitambaa Tanga. Alilipa ada ya bima ya moto, shilingi 480,000, kwa kuhamisha fedha benki tarehe 3 Machi. Tarehe 28 akaletewa barua: bima imefutwa kwa kutolipa.

Fedha zilifika. Kosa lilikuwa kwenye sehemu ya maelezo ya muamala, alikoandika "bima ya duka" bila namba ya mkataba. Mhasibu wa kampuni hakujua ni za nani, akaziweka pamoja na malipo yasiyotambuliwa. Huku mfumo ukaendelea kumhesabu mdaiwa.

Barua ya kupinga haihitaji hasira. Tuliandika namba ya mkataba, tarehe, kiasi, akaunti iliyopokea na namba ya kumbukumbu ya muamala. Tukaambatisha taarifa ya akaunti yenye mhuri wa benki, pamoja na uthibitisho wa benki kwamba fedha ziliingia kwa mpokeaji. Ujumbe wa simu pekee huonyesha zimetoka tu.

Sentensi iliyobeba uzito ni hii: "Naomba bima irejeshwe kuanzia tarehe iliyofutwa, bila pengo, na nithibitishiwe kwa maandishi." Ukikubali bima mpya ianze leo, moto uliotokea katika siku za katikati utakuwa wako peke yako.

Nakala moja ilipigwa mhuri wa kupokelewa, tukaitunza. Kampuni ikikaa kimya, hiyo ndiyo unayoipeleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.