Jina Lililofichwa Ukingoni mwa Shairi

Lewis Carroll alimalizia kitabu chake cha pili cha Alice, cha 1871, kwa shairi la mishororo 21. Ukishuka ukingo wa kushoto, ukichukua herufi ya kwanza ya kila mshororo, unapata Alice Pleasance Liddell, jina kamili la msichana aliyesimuliwa hadithi hizo. Herufi 21, hakuna iliyobaki: urefu kama huo hautokei kwa bahati. Neno la herufi tatu, ndiyo, laweza kujitokeza lenyewe.

Kwa Kiswahili ufundi ni uleule:

Asubuhi imefika,
Sauti zinasikika,
Hewa safi yavutika,
Anga nalo lafunuka.

Limetoka ASHA. Lakini jina hilo limefungwa na maandishi yake. Kwa herufi za Kiarabu, “sh” ni herufi moja, shini, na mishororo ya pili na ya tatu ingelazimika kutungwa upya. Mchapaji naye akiukata mshororo mrefu vipande viwili, herufi ngeni huingia na jina huvurugika.

Edgar Allan Poe alificha zaidi: herufi ya kwanza mshororo wa kwanza, ya pili wa pili, hadi Frances Sargent Osgood akatokea kimshazari.