Faida Iliyopungua: Ni Bei au Kiasi?

Mathalani, muuza dagaa wa Ujiji alikadiria kuuza kilo 100 kwa shilingi 20,000 kila kilo. Gharama ya kilo ikiwa 14,000, faida ingekuwa 600,000. Mwisho wa mwezi aliuza kilo 70 kwa 22,000. Gharama haikubadilika, akapata 560,000.

Upungufu huo wa 40,000 unaficha mambo mawili. Tofauti ya kiasi ni kilo 30 zilizokosekana mara faida iliyokadiriwa ya 6,000: hasara ya 180,000. Tofauti ya bei ni kilo 70 zilizouzwa mara nyongeza ya 2,000: nafuu ya 140,000.

Je, bei iliwafukuza wanunuzi, au mbalamwezi ilizuia uvuvi wa taa? Hesabu haijibu, ghala hujibu. Dagaa wakibaki, wanunuzi walipungua. Wakiisha, ziwa halikutoa.