Maji yalipoondoa nguvu ya mchanga Kitui

Mpwa wangu, aliyeingia mwaka wa kwanza wa uhandisi wa ujenzi, alinipigia simu juzi baada ya Isha. Shikamoo ilikuwa fupi, swali refu. "Mjomba, mwalimu ametufundisha kukokotoa uzito wote ulio juu ya udongo, maji na mchanga pamoja. Halafu akatoa shinikizo la maji, akasema kinachobaki ndicho kinachobeba nyumba. Lakini maji hayo yako pale pale na yana uzito. Kwa nini yatolewe?"

Kanuni yenyewe ameihifadhi: σ′ = σ − u. Shida ni kwamba haiamini. Nami simlaumu, kwa sababu mimi mwenyewe niliandika jibu sahihi kwenye mtihani wa diploma na sikuliamini mpaka nilipolitazama ndani ya shimo huko Kitui.

Anayetoka pwani kwenda Kitui au Makueni kwa mara ya kwanza hushangaa kuona mito isiyo na maji. Tiva, Thua, Kaiti, yote kwa miezi mingi ni barabara pana za mchanga. Maji yamo, ila yamelala chini ya mchanga, na wenyeji huchimba visima vifupi kuyafikia. Ndiyo maana huko hujengwa mabwawa ya mchanga: ukuta wa mawe au zege hukatiza mto, mafuriko huleta mchanga na kuujaza nyuma ya ukuta, na maji hukaa katikati ya chembe yakiwa yamefichwa jua. Shirika la SASOL peke yake limesaidia wanakijiji wa Kitui kujenga mamia.

Ukuta kama huo hutakiwa ukae juu ya mwamba, hivyo lazima uchimbe mtaro kupita mchanga ulioshiba maji. Kwenye kazi niliyokuwamo, miaka mingi iliyopita, tulipigilia mbao pande zote mbili za mtaro zizuie mchanga usiporomoke, tukaweka pampu ndani na kuanza kukausha. Maji nje ya mbao yalikuwa juu ya sakafu ya mtaro kwa kama mita 2. Asubuhi sakafu ilikuwa ngumu, tukitembea juu yake na mabuti. Kufikia adhuhuri ilianza kutoa vijito vidogo vilivyobeba mchanga, mfano wa uji unaochemka. Kijana mmoja aliyekuwa akichota akazama hadi magotini, na kila alipovuta mguu mmoja, wa pili ukazidi kushuka. Nyapara akapiga kelele tuongeze pampu ya pili. Alhamdulillahi mzee mmoja wa pale, fundi wa visima, alisema la: zimeni pampu, rudisheni maji shimoni. Tukamwaga maji ndani, na sakafu ikatulia. Kijana tukamtoa kwa ubao na kamba.

Sasa tazama ajabu yake. Mchanga ni ule ule, chembe zile zile. Tulipoondoa maji juu ya sakafu, ukalainika. Tulipoongeza maji, ukakaza. Ukifikiria uzito wote peke yake hutalielewa jambo hili hata ukikesha.

Mchanga hauna gundi. Nguvu yake ni msuguano: chembe imegusa chembe, moja inaikandamiza nyingine, na ukitaka kuzisogeza lazima uushinde mkandamizo huo. Maji yaliyojaa katikati ya chembe nayo yana shinikizo, lakini maji hayana msuguano. Yanasukuma kila chembe pande zote, na mzigo yanaoubeba yenyewe ni mzigo ambao chembe hazikuubeba. Kwa hiyo uzito wote, yaani mkazo jumla σ, hugawanywa na wabebaji wawili: maji hubeba u, na mifupa ya udongo hubeba σ′. Huo wa mwisho ndio mkazo fanisi. Nguvu ya kukataa kuteleza ni σ′ mara kipimo cha msuguano, ambacho kwa mchanga wa mtoni tunaweza kukichukua kuwa 0.7 hivi. Hatutoi maji kwa sababu hayana uzito. Uzito wao umo ndani ya σ. Tunatoa sehemu ambayo maji yanaibeba yenyewe.

Chukua kalamu tuufuate mto kwa mwaka mmoja, tukisimama mita 3 chini ya uso wa mchanga. Mchanga ulioshiba una uzito wa kilonyutoni 20 kwa kila mita ya ujazo, ulio na unyevu tu 17, na maji tuyape 10 ili hesabu iwe nyepesi.

Baada ya mvua maji yako sawa na uso wa mchanga. Mkazo jumla ni 3 × 20, yaani kilopaskali 60. Maji yanabeba 3 × 10, yaani 30. Zinabaki 30 kwa chembe, na nguvu ni 0.7 × 30, yaani 21.

Kiangazi maji yanashuka mita 2. Juu kuna mita 2 za mchanga mwepesi na chini mita 1 ulioshiba: 34 na 20, jumla 54. Maji sasa yanabeba 10 tu. Chembe zinabeba 44, na nguvu inakuwa karibu 31. Simama hapo kidogo. Uzito wote umepungua kutoka 60 hadi 54, lakini nguvu imepanda kwa karibu nusu.

Kisha mafuriko yanakuja, maji mita 2 juu ya mchanga. Mkazo jumla unaruka hadi 80. Wengi, hata mafundi wazoefu, hudhani uzito huo wa maji unaushindilia mchanga. Lakini shinikizo la maji nalo limekuwa 50, na chembe zimebaki na 30 zile zile. Tani 2 za maji kwa kila mita ya mraba, na chembe hazijahisi kitu. Ndivyo ilivyo pia kwa mchanga ulio chini ya bahari yetu: samaki wa kina kirefu hafukui sakafu iliyoshindiliwa na uzito wa maji.

(Msiichukue hesabu hiyo kama ruhusa ya kuvuka mto uliofurika. Maji yaendayo kasi huchota mchanga wenyewe, na hilo ni somo jingine.)

Turudi mtaroni. Mbao zilishuka mita 1 chini ya sakafu. Kwenye ncha ya mbao, upande wa ndani, kuna mita 1 ya mchanga tu juu yake: mkazo jumla 20. Upande wa nje, kina cha maji hadi hapo ni mita 3, yaani shinikizo 30 kama yangetulia. Hayakutulia. Yalishuka nje ya mbao, yakapita chini ya ncha, yakapanda ndani kuifuata pampu. Tuseme nusu ya ile tofauti ya mita 2 ilipotea njiani kabla ya kufika nchani. Shinikizo linalobaki hapo ni 20. Ishirini toa ishirini ni sifuri. Chembe zimeachana, na mita nzima ya mchanga inaelea. Yule kijana alikuwa amesimama juu ya kimiminika kizito.

Tulipomwaga maji ya kina cha mita 1, mkazo jumla nchani ulipanda hadi 30. Tofauti ya maji ndani na nje ikabaki mita 1, nusu yake ikapotea nje, na shinikizo nchani likawa 25. Zikabaki 5. Si nyingi, lakini zilitosha sakafu kushikana. Pampu ya pili ndani ya mtaro ingeongeza kasi ya maji kupanda. Siku iliyofuata tulichimba visima nje ya mbao, tukaweka madumu yaliyotobolewa na kuzungushiwa changarawe, tukavuta maji kutoka huko. Maji ya nje yakashuka na mtiririko wa kupanda ukakatika. Dalili tulikuwa tumeziona tangu asubuhi: vijito vyenye mchanga. Kijito cha maji meupe kinavumilika, chenye kubeba mchanga ni onyo.

Hayo ni ya nguvu. Kuhusu kutitia, mchanga wa Kitui ni mwalimu mbaya, kwa sababu chembe zake ngumu hazisongamani sana. Hapo turudi kwetu, kwenye tope la mikoko. Tuseme mtu amejaza kifusi cha mita 2 juu ya tope la unene wa mita 4 ili ajenge. Kifusi kinaongeza kilopaskali 40. Siku ya kwanza mkazo jumla umepanda kwa 40 na ardhi haijashuka, kwa sababu maji yameupokea mzigo wote na hayana pa kukimbilia upesi. Jinsi yanavyochuja, mzigo unahamia kwa chembe, na hapo ndipo ardhi inashuka. Kwa tope laini linalopungua 0.001 ya unene wake kwa kila kilopaskali, hesabu ni 4 × 40 × 0.001, yaani sentimita 16. Tope likiwa na mchanga juu na chini, maji hutoka pande mbili na kazi kubwa inaweza kuisha katika miaka 2. Likikalia mwamba usiopitisha maji, safari ya maji ni ndefu maradufu na muda huwa mara nne. Fundi aliyepiga lipu mwezi wa tatu akaona nyumba imetulia, amepima mzigo ulio mikononi mwa maji.

Na kinyume chake pia hutokea: jirani akivuta maji mengi ya kisima, kama mto wetu wa kiangazi, chembe hubebeshwa zaidi na nyumba hutitia bila mtu kuongeza hata tofali.

Aliyeyaweka haya pamoja ni Karl Terzaghi, aliyefanya majaribio yake ya udongo wa mfinyanzi akiwa mwalimu Istanbul, kabla ya kuchapisha kitabu chake mwaka 1925. Huyo huyo baadaye aliandika kuhusu bwawa la Sasumua linalopeleka maji Nairobi, mwaka 1958.

Mpaka wa kanuni: inafaa pale matundu yote yamejaa maji. Mchanga wenye unyevu unaosimama wima ukutani mwa kisima, au udongo mweusi wa Makueni unaopasuka kiangazi, una maji yanayovuta badala ya kusukuma. Hapo u huwa chini ya sifuri na chembe hukazwa zaidi. Nguvu hiyo ni ya kuazima. Mvua ya kwanza huichukua, na kuta za visima huanguka wakati huo.

Mpwa wangu akauliza mwisho, kipimo cha mkazo fanisi kinauzwa wapi. Hakuna. Uzito unaukokotoa, maji unayapima kwa bomba lililotobolewa chini na kusimamishwa ardhini, unasoma yalipopanda, kisha unatoa. Pale mtaroni bomba kama hilo, lililoshushwa hadi kina cha ncha ya mbao, lingeonyesha maji yamepanda mita 1 juu ya sakafu, huku sisi tukiona pakavu.