Kuandaa Simu kwa Safari Isiyo na Mtandao

Filamu iliyoonekana vizuri jana usiku sebuleni inaweza kugoma kabisa ndege ikishapaa. Mara nyingi sababu ni moja: ilitazamwa, lakini haikupakuliwa. Simu inapoonyesha video kwa intaneti huipokea vipande vipande, huviweka kando kwa muda, kisha huvifuta nafasi ikihitajika kwa kazi nyingine. Kilichopakuliwa ni kile ambacho mwenye simu aliagiza kwa kubonyeza alama ya mshale unaoelekea chini, faili likaja lote, na sasa linaonekana kwenye orodha ya vilivyopakuliwa ndani ya programu yenyewe.

Mtego huohuo upo kwenye nyaraka na picha. Tiketi iliyofunguliwa ndani ya barua pepe inaweza kuwa bado iko kwenye seva, na waraka wa Google Drive haubaki simuni mpaka mwenyewe achague "Make available offline". Simu nyingine, ili kuokoa nafasi, hubakiza nakala ndogo tu ya picha na kupeleka picha halisi kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kwa tiketi, njia ya uhakika ni kuhifadhi faili la PDF simuni na kupiga picha ya skrini.

Kuwa na faili, hata hivyo, hakutoshi. Huduma za filamu na muziki huambatanisha kila faili na leseni yenye muda wake. Kwenye Netflix zipo filamu ambazo, zikishaanza kuchezwa, hubakiwa na saa 48 tu. Nyingine huisha siku 7 baada ya kupakuliwa. Spotify hutaka simu iingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo nyimbo hunyamaza. Anayetoka kwenye akaunti yake au kufuta programu hupoteza alivyopakua, hata kama atairudisha programu dakika hiyohiyo. Isitoshe, haki za filamu hutolewa kwa nchi, kwa hiyo filamu iliyopakuliwa nchi moja inaweza kukataa kucheza simu ikishajiunga na mtandao wa nchi nyingine.

Chukua familia inayotoka Maskati kwenda Dar es Salaam, ndege ya saa tano na ushee, kisha siku chache baadaye inapanda gari kupitia Morogoro, Mikumi na Iringa hadi Hifadhi ya Ruaha. Kwa ndege imechagua filamu mbili za saa mbili kila moja, na vipindi vinne vya watoto vya nusu saa. Jumla ni saa 6 za video. Video inayotumia megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa, kwa hiyo saa 6 ni takriban gigabaiti 2.7. Ubora ukipandishwa hadi megabiti 3 kwa sekunde, mzigo unakuwa gigabaiti 8.1, na kwenye kioo kidogo cha simu tofauti haiwi kubwa kiasi hicho. Kwa waifai ya nyumbani inayoleta megabiti 4 kwa sekunde, mzigo wa kwanza huchukua saa moja na nusu, wa pili saa nne na nusu. Hesabu hii ndiyo inayoonyesha kwa nini kupakua ukiwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege hakufai. Ni vyema pia programu ibaki wazi na simu iwe kwenye chaji, maana simu nyingi husimamisha kazi za nyuma ya pazia ili kuokoa betri, na asubuhi mtu hukuta upakuaji umeishia nusu.

Ramani ina utaratibu wake. Kwenye Google Maps, mtu hugusa picha ya akaunti yake, huchagua "Offline maps" na kisha "Select your own map", halafu huvuta kisanduku kifunike njia yote. Safari ndefu kama hii ni afadhali igawanywe katika visanduku viwili vinavyopishana kidogo: Dar es Salaam hadi Mikumi, na Mikumi hadi ng'ambo ya Iringa. Bila intaneti ramani hiyo huelekeza magari tu. Haitoi njia ya waenda kwa miguu, haisemi barabara ina foleni, wala haipendekezi njia mbadala. Ndani ya hifadhi, ambako njia nyingi ni za vumbi, inafaa kuwa pia na Organic Maps, inayotumia ramani ya wazi ya OpenStreetMap, hufanya kazi yote bila mtandao na huelekeza hata wanaotembea.

Wengi hudhani kwamba bila mtandao simu haitajua ilipo. GPS haihitaji laini wala bando, kwa kuwa simu husikiliza satelaiti tu bila kutuma kitu. Linalopungua ni kasi ya mwanzo. Kwenye mtandao, simu huletewa taarifa za mizunguko ya satelaiti papo hapo. Bila mtandao lazima izipokee kutoka kwa satelaiti zenyewe, ambazo hurudia taarifa hizo kila sekunde 30. Simu iliyozimwa Maskati na kuwashwa mamia ya maili mbali inaweza kuhitaji dakika kadhaa mahali peupe, nje ya paa la bati, kabla ya kitone cha buluu kutulia.

Jaribio hufanywa usiku wa kuamkia safari. Simu huwekwa kwenye hali ya ndegeni, kisha huangaliwa alama ya waifai, kwa sababu simu nyingi hukumbuka kwamba waifai iliwahi kuwashwa katika hali hiyo na huiacha ikiendelea. Hapo jaribio zima linakuwa la uongo. Programu zote hufungwa kabisa na kufunguliwa upya, moja baada ya nyingine. Mduara unaozunguka bila kukoma unaonyesha faili halipo. Ramani inayogeuka kijivu ikivutwa karibu inaonyesha eneo hilo liko nje ya kisanduku. Filamu ya kujaribia iwe ya safari ya kwenda. Ya kurudi isiguswe, ili saa zake 48 zisianze kuhesabika mapema.

Njiani, mtandao dhaifu husumbua kuliko kukosekana kwake. Kutoka Iringa kuelekea Ruaha, kijistari kimoja kikija na kupotea, programu hujiona iko mtandaoni, hutuma ombi kwenye seva na kusubiri jibu lisilokuja, ilhali faili liko simuni. Kuwasha hali ya ndegeni huilazimisha itumie kilichopakuliwa, na huokoa betri ambayo simu ingeitumia kuusaka mnara wa mbali. Lakini simu iliyo kwenye hali hiyo haipokei wito wala ujumbe, kwa hiyo simu moja garini iachwe wazi kwa dharura.

Familia ikirudi Iringa mjini, programu za filamu na muziki zifunguliwe kwa dakika chache zikiwa na intaneti ya kutosha, ili zisasishe leseni. Filamu itakayokuwa imekataa kwa sababu ya nchi ibadilishwe na nyingine hapohapo, na jaribio la hali ya ndegeni lirudiwe kabla ya ndege ya kurudi Maskati.