Fahamu: Namna ya kufupisha kwa Kiswahili rekodi ya Kiingereza bila kuchanganya istilahi

Tarehe 14 Agosti 2024, mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza mpox kuwa dharura ya afya ya umma ya kimataifa. Siku moja kabla, Africa CDC ilikuwa imetangaza dharura yake ya bara la Afrika. Ukifupisha rekodi ya habari kama hii, matangazo hayo mawili hugeuka kuwa moja kwa urahisi, hasa ukiandika "shirika hilo" bila kutaja jina.

Sikiliza mara ya kwanza bila kuandika muhtasari. Orodhesha tu majina na istilahi, kila moja na dakika iliposikika, kisha uchague neno moja la Kiswahili kwa kila istilahi. Ukichagua "mpox", usirukie "homa ya nyani" aya inayofuata. Msomaji atadhani ni magonjwa mawili. "Dharura" nayo isigeuke "janga la dunia", kwa sababu Tedros hakusema hivyo.

Kosa baya zaidi, kwa maoni yangu, ni kutumia "karantini" kwa kila mtu. Mgonjwa hutengwa, karantini ni ya mtu mwenye afya aliyekutana na mgonjwa. Maneno hayo yakichanganywa, mwenye afya anaweza kulazwa pamoja na wagonjwa.

Ukimaliza kuandika muhtasari, bonyeza Ctrl+F na utafute kila neno la orodha yako. Palipo na shaka, rudi kwenye dakika uliyoandika usikilize tena.