Ukurasa wa internet na foto zake ndani ya faili moja

Katibu wa koperative anashuka Bukavu, anapata internet, na anahifadhi ukurasa unaoeleza mnyauko wa migomba. Anakopi ile faili ku flashi na kurudi nayo Kabare. Akiifungua mbele ya wenzake, maneno yapo, lakini pahali pa foto iko vikaratasi vitupu tu.

Hapo hasara ni kubwa, kwa sababu ugonjwa huu unajulikana kwa macho. Ukikata shina la mgomba wenye mnyauko wa bakteria, kunatoka ute wa manjano kisha dakika chache, na ndizi ikikatwa inaonyesha madoa ya kahawia ndani. Mgomba wenye Fuzariomu nao unageuka manjano na kunyauka, lakini hautoi ule ute, na ndizi zake hazina madoa ndani. Bila foto, mtu anaweza kuchanganya magonjwa mawili.

Foto zilibaki wapi?

Ukihifadhi ukurasa kwa njia ya kawaida, navigateri (kama vile Chrome) inatengeneza vitu viwili. Cha kwanza ni faili inayoishia na `.html`, yenye maneno. Cha pili ni doseye yenye jina lile lile, ikiishia na `_files` ao `_fichiers`. Foto zote ziko mule. Faili ya maneno inabeba tu anwani ya kila foto: "nenda mu doseye ile, chukua foto hii." Katibu wetu alikopi faili, akaacha doseye ku ordinatere ya Bukavu.

Kuunganisha vyote

Kama ordinatere ile ingali na vyote viwili, kazi haijapotea. Weka faili na doseye pahali pamoja, bila kubadilisha majina yao. Ukibadilisha jina la doseye, anwani hazitaiona tena. Kisha fanya hivi:

1. Mu Chrome, weka nyongeza inayoitwa SingleFile. Ni ya bure, na internet inahitajika mara hii moja tu.
2. Andika `chrome://extensions` pale juu, fungua maelezo ya SingleFile, na uruhusu « Autoriser l'accès aux URL de fichier ». Bila ruhusa hii, haiwezi kusoma kurasa zilizo ndani ya ordinatere yako.
3. Fungua ukurasa uliohifadhiwa na uangalie kama foto zinaonekana zote. Bofya alama ya SingleFile. Faili mpya inashuka mu doseye ya téléchargements.

Mwenye kuzoea kuandika amri anaweza kutumia programu ya monolith, ambayo inafanya kazi ile ile:

```
monolith mnyauko.html -o mnyauko-moja.html
```

Njia zote mbili zinageuza kila foto kuwa mfululizo wa herufi na kuuandika ndani ya faili yenyewe. Ndiyo maana faili inakuwa nzito: foto za kilo-okte 900 zinachukua karibu 1.200, ni kusema theluthi moja zaidi. Fikiria hilo mbele ya kuituma kwa mega za simu.

Kama ukurasa ungali wazi ku internet, bofya SingleFile moja kwa moja. Lakini kwanza shuka polepole mpaka mwisho wa ukurasa, kwani kurasa nyingi zinaleta foto pale tu unapozifikia. Chrome yenyewe pia inaweza kuhifadhi faili moja ya aina ya `.mhtml`, ila simu nyingi zinashindwa kuifungua. Kwa kugawia wanamemba, `.html` ni bora.

Ijaribu mbele ya kutoka mjini

Usiijaribu pale pale ilipotengenezwa, maana inaweza kuonekana nzuri kwa sababu internet iko. Ikopi ku simu, weka simu mu mode avion, fungua faili na uangalie foto mpaka ya mwisho. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama « Document ».

Kuna vitu havitafuata: video mara nyingi inabaki nyuma, na pahali pa kutafuta ao kujaza fomu hapatafanya kazi. Na kama doseye ya foto ilifutwa, SingleFile na monolith haziwezi kuirudisha. Inabidi kurudi ku internet.

Mwisho, weka tarehe ndani ya jina la faili, mfano `mnyauko-2025-03.html`. Faili hii haibadiliki tena, hata kama wenye ukurasa wamesahihisha kipimo cha dawa. Mtu atakayeifungua kisha miaka mitatu ajue ni maneno ya wakati gani, na aulize agronomu mbele ya kupima.